Upakuaji wa shilingi 300 au wa shilingi 1,000: kampeni ipi inanilipa?

FundiMakorora

Wakuu salaam. Natengeneza programu za simu, nipo Makorora hapa Tanga. Mwaka huu nimeweka Play Store apu ya mazoezi ya darasa la saba. Mtoto anapata maswali 10 ya bure kila siku. Mzazi akitaka mitihani yote na majibu yenye maelezo, analipia 5,000 kwa mwezi humo humo ndani ya apu. Play wakishakata asilimia 15 yao, mkononi kwangu inabaki 4,250.

Mwezi wa tano tulitia fedha kwenye kampeni mbili, kila moja 750,000. Ya kwanza ni video ya Facebook na Instagram, nchi nzima, lengo watu wapakue basi. Imeleta watu 2,500, yaani 300 kwa kila upakuaji. Ya pili ni ya Google. Hiyo nimeielekeza itafute watu wanaoelekea kumaliza jaribio la kwanza ndani ya apu. Imeleta watu 750, yaani 1,000 kwa kila mmoja.

Waliorudi siku ya 7: wa Facebook 125, sawa na asilimia 5. Wa Google 54, sawa na asilimia 7.2. Walionunua mpaka leo: wa Facebook 15, wa Google 30.

Mwenzangu tunayechangia naye mtaji anataka tuifunge ya Google. Anasema bei yake ni zaidi ya mara tatu na hao watu wake hawabaki kiasi cha kutisha. Mimi moyo unasita. Wenye uzoefu, hesabu ya kufuata hapa ni ipi?

Jahazi_la_Sahare

Mkuu, mwenzio yuko sahihi. Upakuaji peke yake haukwambii kitu, hilo nakubali, ndiyo maana unagawa fedha kwa watu waliobaki. Facebook: 750,000 gawa kwa 125, kila aliyebaki amekugharimu 6,000. Google: 750,000 gawa kwa 54, unapata karibu 13,900. Zaidi ya mara mbili. Mtu anayebaki ndiye mteja, kununua kutakuja tu akishazoea. Funga Google, hamishia fedha yote Facebook.

BiChumbageni

FundiMakorora, kabla hujafunga chochote naomba unijibu swali moja. Hao 750 wa Google walikuja lini? Nigawie kwa wiki, usinipe jumla ya mwezi.

FundiMakorora

Dada, ya Facebook ilikwisha katikati ya mwezi. Ya Google ilianza taratibu, tukaiongezea bajeti mwishoni. Nimeangalia sasa hivi: kati ya 750, watu 300 wamepakua ndani ya siku sita hizi za mwisho.

BiChumbageni

Ndicho nilichokihisi. Hao 300 siku yao ya 7 haijafika. Mtu aliyepakua juzi hawezi kurudi siku ya 7 hata akiipenda apu kupita kiasi, na wewe umemweka kwenye hesabu kama mtu aliyeondoka.

Waondoe juu na chini. Waliofikisha siku 7 ni 450, waliorudi ni 54. Hiyo ni asilimia 12, siyo 7.2. Wa Facebook wote wameshafikisha, kwa hiyo asilimia 5 yao inasimama. Hapo hawakaribiani tena.

Na hesabu ya Jahazi irekebishwe vilevile, maana njia yake ya kugawa fedha kwa waliobaki ni nzuri, tatizo ni namba alizopewa. Hao 450 wamekugharimu 450,000. Gawa kwa 54, kila aliyebaki ni kama 8,300. Bado Facebook ni nafuu kwa 6,000 yake, lakini pengo limepungua sana.

Nimefanya kazi ya kupima kampeni za michezo ya simu Dar kwa miaka kadhaa kabla sijarudi nyumbani, na hii ndiyo hitilafu niliyoiona mara nyingi kuliko zote. Kampeni inayokua inaonekana mbovu kwa sababu watu wake wengi ni wapya. Kampeni iliyosimama inaonekana nzuri kwa sababu watu wake wote wameshapevuka. Ukiona asilimia ya kubaki inashuka wiki ile ile uliyoongeza bajeti, angalia kwanza kama umegawa kwa watu ambao muda wao haujafika. Watu wapimwe kwa kundi la siku waliyopakua, na kundi lisilofikisha umri lisiguswe.

NyumbaYaKaole

Nimeukuta uzi huu wakati mwafaka. Mie nipo Bagamoyo, nina nyumba ya wageni njia ya kwenda Kaole. Kijana mmoja alinitengenezea apu ya kuwekea nafasi ya chumba na kulipia ziara ya magofu. Nikafanya tangazo, watu wakapakua vizuri tu. Siku ya 7 waliobaki ni asilimia 2. Kwa maelezo haya apu yangu ni mbovu? Niiondoe?

BiChumbageni

NyumbaYaKaole, mgeni wako anakuja mara moja, anaweka chumba, anaangalia magofu, anarudi kwao. Arudi kwenye apu siku ya 7 kufanya nini? Kwako gawa fedha ya tangazo kwa vyumba vilivyolipiwa, basi. Kubaki kuna maana kwa apu ambayo mtu anatakiwa kuirudia.

NyumbaYaKaole

Nimekuelewa. Basi vyumba vilivyolipiwa kupitia apu ni viwili, tangazo lilikula laki tatu. Wengine wote wananipigia simu.

Jahazi_la_Sahare

Hapo laki na nusu kwa chumba kimoja. Hao wanaopiga simu, namba yako wameipata wapi? Kama wameitoa kwenye apu, nao wahesabu.

MwalimuPongwe

Habari za jioni wote. Mimi nafundisha shule ya msingi huku Pongwe, darasa la saba hilo hilo. Hesabu zenu ni nzito kwangu ila kuna jambo sijaona likitajwa. Mtoto wa darasa la saba hana simu. Simu ni ya mama au ya baba, inaondoka nayo asubuhi, inarudi usiku ikiwa na chaji kidogo na bando limekwisha. Wanangu darasani wanaotumia apu za namna hii wananiambia wanaishika simu Jumamosi na Jumapili. Katikati ya wiki wana masomo ya ziada mpaka jua linazama. Sasa nyinyi mnasema siku ya 7 karudi au hakurudi. Siku ya 7 ikiangukia Jumatano atarudije?

BiChumbageni

Mwalimu, shikamoo. Umetugusa penyewe.

Fundi, kile kipimo chako cha siku ya 7 kinauliza kama mtu amefungua apu siku hiyo hasa. Aliyepakua Jumamosi, siku yake ya 7 ni Jumamosi nyingine, mtoto ana simu mkononi, anahesabika amebaki. Aliyepakua Jumatano, siku ya 7 ni Jumatano. Mtoto huyo huyo, mwenye bidii ile ile, alifungua Jumamosi na Jumapili ambazo kwake ni siku ya 3 na ya 4, halafu anaandikwa ameondoka. Kwa hiyo kampeni ambayo fedha yake nyingi imetumika mwisho wa wiki itaonekana ina watu waaminifu zaidi, na kisa ni kalenda tu.

Nenda kachore waliorudi kila siku kuanzia siku ya 1 hadi ya 14, kwa wale waliopakua Jumatano peke yao. Kama Mwalimu amesema kweli, utaona mstari unashuka, unapanda siku ya 3 na ya 4, unashuka, unapanda tena siku ya 10 na ya 11. Ukiona vilima hivyo, achana na siku moja moja. Hesabu mtu kuwa amebaki kama amefungua apu angalau mara moja kati ya siku ya 7 na ya 13. Wiki nzima ina Jumamosi moja na Jumapili moja kwa kila mtu, awe amepakua lini. Ubaya wake ni kwamba itabidi usubiri siku 14 zitimie kwa kila kundi, na wenye mtaji huwa hawapendi kusubiri.

Jambo la pili nakuomba ulitazame leo leo. Ingia kwenye mipangilio ya Google Analytics iliyounganishwa na Firebase yako, angalia saa za ripoti ziko wapi.

FundiMakorora

Dada umejuaje? Imeandikwa Los Angeles. Sikuwahi kuigusa, ndivyo ilivyokuja.

BiChumbageni

Ndivyo inavyokuja kwa wengi. Mwezi wa tano, saa sita usiku ya Los Angeles ni saa nne asubuhi ya Tanga. Yaani siku yako kwenye ripoti inabadilika saa nne asubuhi.

Chukua mtoto aliyepakua Jumamosi saa mbili asubuhi. Akafungua tena saa tano, Jumamosi ile ile. Ripoti inasema karudi siku ya 1. Mwingine amepakua Jumamosi saa moja jioni, akafungua Jumapili saa tatu asubuhi. Huyu kweli amerudi kesho yake, ila ripoti inasema bado ni siku ile ile aliyopakua. Siku ya 1 yako imepinda kote kuwili, na huwezi kusema imepinda kwa kiasi gani bila kurudi kwenye tukio moja moja. Badilisha iwe Dar es Salaam. Itarekebisha kuanzia sasa tu, ya nyuma itabaki ilivyo. Na akaunti ya matangazo ya Facebook nayo ina saa zake peke yake, ihakikishe, la sivyo fedha ya Jumatatu utaigawa kwa watu wa Jumapili.

Kwa kipimo cha wiki nzima kosa hili linakuwa dogo, maana linagusa kingo mbili tu za wiki. Kwa siku ya 1 linauma sana.

Jahazi_la_Sahare

Saa nne asubuhi! Hii nilikuwa siijui. Naenda kuangalia zangu.

FundiMakorora

Nimerudi. Ilinichukua muda kwa sababu data ghafi nilikuwa naihamishia BigQuery tangu mwanzo, ila sikuwahi kuifungua. Nimehesabu upya kwa saa za Tanga.

Kwanza, vilima vya Mwalimu vipo. Waliopakua Jumatano wanashuka hadi siku ya 2, siku ya 3 wanapanda zaidi ya ilivyokuwa siku ya 1. Mwenzangu ameangalia ile grafu akanyamaza.

Pili, nimefuata kanuni ya kati ya siku ya 7 na ya 13. Facebook wote 2,500 wameshatimiza siku 14, na waliofungua angalau mara moja ni 200, asilimia 8. Google waliotimiza siku 14 ni 300 tu, na kati yao waliofungua ni 66, asilimia 22.

Jahazi_la_Sahare

Sawa, na mimi nimegawa upya. Facebook 300 kwa asilimia 8 ni 3,750 kwa kila aliyebaki. Google 1,000 kwa asilimia 22 ni kama 4,550. Kwa hiyo hata baada ya marekebisho yote, Facebook bado anakuletea mtu anayebaki kwa bei nafuu. Nilisema tangu mwanzo.

BiChumbageni

Jahazi, kwa waliobaki uko sahihi na sikupingi. Sasa tazama walionunua. Facebook 15 kati ya 2,500, asilimia 0.6. Google 30 kati ya 750, asilimia 4, na hapo 300 ni wageni wa siku sita, bado wanaweza kuongezeka. Fedha kwa kila mnunuzi: Facebook 50,000, Google 25,000.

Tazama pia ndani ya waliobaki. Facebook wamebaki 200, wamenunua 15. Google hata nikichukua wale 300 waliotimiza siku 14 peke yao waliobaki ni 66, na sidhani kama wengi wa wanunuzi wanatoka nje ya hao. Wa Facebook wanabaki ila hawanunui. Kauli yako kwamba kununua kutakuja mtu akishazoea haijathibitika hapa. Wamezoea, wanakula maswali 10 ya bure, wanafunga.

Fundi, fungua ripoti ya Facebook uigawe kwa umri. Waliopakua ni akina nani?

FundiMakorora

Zaidi ya nusu ni wa miaka 18 hadi 24.

MwalimuPongwe

Hao si wazazi wa watoto wa darasa la saba. Mtoto wa miaka 13 mzazi wake ana thelathini na kitu, arobaini. Hao ni kaka na dada, au ni watoto wenyewe wametaja umri mkubwa. Video yako ina nini?

FundiMakorora

Mwalimu, ina mtoto anashindana na saa, anajibu maswali kwa kasi, na muziki wa singeli nyuma.

MwalimuPongwe

Basi imewaita wanaopenda shindano. Mzazi anataka kuona mtoto alikosea swali lipi na kwa nini.

Jahazi_la_Sahare

Mwalimu hapo naona kama unakisia. Kaka wa miaka 22 mwenye kazi anaweza kumlipia mdogo wake, mimi nililipiwa ada na kaka yangu. Huenda shida ni malipo tu. Wangapi walifika ukurasa wa kulipa wakaishia hapo?

FundiMakorora

Facebook waliofungua ukurasa wa kulipa ni 40, wakanunua 15. Google waliofungua ni 75, wakanunua 30.

BiChumbageni

Swali zuri hilo, Jahazi. Wakishafika ukurasa wa kulipa wanafanana: 15 kwa 40 ni asilimia 37.5, 30 kwa 75 ni asilimia 40, na kwa namba ndogo hivi tofauti hiyo si kitu. Kwa hiyo malipo hayajawabagua wa Facebook. Wanapotofautiana ni kabla ya hapo. Watu 40 kati ya 2,500 wametaka kujua bei, na upande wa pili 75 kati ya 750. Video imeleta watu wasiouliza bei. Kama ni umri au ni ujumbe, hilo namba hizi hazisemi. Tengeneza video ya pili ya mzazi na karatasi ya majibu ya mtoto, iwekee bajeti sawa na ile ya zamani, ulinganishe waliofungua ukurasa wa kulipa. Usilinganishe wanunuzi, watakuwa wachache mno. Wanunuzi 6 dhidi ya 9 ni bahati nasibu, ukirudia wiki ijayo wanaweza kugeuka.

Sasa nataka kusema lile linalonitia hofu zaidi kwenye uzi huu, na wala si mashindano ya Facebook na Google. Mnunuzi wa Google amekugharimu 25,000. Kila mwezi anakuletea 4,250.

```
25,000 / 4,250 = 5.9
```

Anahitaji kulipa miezi 6 ndipo urudishe fedha ya tangazo tu, bado hujala. Wa Facebook ni karibu miezi 12. Sasa mtihani wa darasa la saba ni mwezi wa tisa. Aliyenunua mwisho wa mwezi wa tano atalipa wa tano, wa sita, wa saba, wa nane, labda na wa tisa kama mtihani haujapita. Malipo manne au matano, na hapo nimejaalia hakuna hata mzazi mmoja atakayeacha katikati, jambo ambalo halitatokea. Baada ya mtihani anaifuta apu hata kama imemsaidia sana. Kwa bei hizi kampeni zote mbili zinakula mtaji. Ya Google inakula polepole zaidi.

FundiMakorora

Dada, hili sikuwa nimeliona kabisa na limenifanya nikae chini. Kwa hiyo hata hiyo ya Google nifunge?

BiChumbageni

Sijasema hivyo. Una mambo mawili ya kugeuza. Moja ni malipo yenyewe: badala ya mwezi mmoja mmoja, weka kifurushi cha mpaka mtihani, tuseme 15,000, ulipwe siku ya kwanza. Mkononi 12,750. Bado haifiki 25,000 ila huna wasiwasi wa mzazi kuacha mwezi wa pili. La pili ni lini unatangaza. Mnunuzi huyo huyo ukimpata mwezi wa kwanza ana malipo nane au tisa mbele yake. Fedha uliyotumia mwezi wa tano ingefanya kazi nyingine kabisa mwezi wa kwanza, bila kubadilisha hata neno moja la tangazo.

MwalimuPongwe

Na darasa la sita je? Wao wana mwaka na zaidi. Wazazi wengi wanaanza kuhangaika mapema, hasa wale wanaotaka mtoto aende shule za vipaji.

FundiMakorora

Mwalimu, maswali ya darasa la sita ninayo nusu. Nitayakamilisha.

Jahazi_la_Sahare

Mimi nina wasiwasi mwingine na Google, na hapa Bi Chumbageni naomba unijibu vizuri. Mtu anayeandika "maswali ya darasa la saba" Play Store, ni mtu aliyekuwa anaitafuta apu. Tangazo la Google likimtokea juu kabisa, akalibonyeza, anahesabiwa kaletwa na tangazo. Bila tangazo angeshuka kidogo akaikuta apu ile ile bure. Sasa huyo 25,000 ni ya nini? Ndiyo maana wananunua sana, walishaamua kabla.

BiChumbageni

Jahazi, hoja yako ni nzito na sina jibu la kukuridhisha. Kampeni za apu za Google hazikuruhusu kuchagua maneno ya kutafuta kwa mkono. Mtambo wenyewe unagawa tangazo kati ya Play, utafutaji, YouTube na kwingineko. Kwa hiyo Fundi hawezi kuzima sehemu ya utafutaji peke yake akaacha nyingine.

Kitu kimoja anaweza kuangalia sasa hivi. Fundi, Firebase inasema watu wangapi wamefungua apu kwa mara ya kwanza mwezi wa tano, kutoka kila njia? Tukio linaitwa `first_open`.

FundiMakorora

2,900.

BiChumbageni

Na Facebook anadai 2,500, Google anadai 750. Jumla 3,250. Wamedai watu zaidi ya waliofungua apu yote, na hapo hatujamweka hata mtu mmoja aliyekuja mwenyewe au aliyeambiwa na jirani.

Sehemu ya pengo ni watu waliopakua wasifungue, simu imejaa au bando limekata. Sehemu nyingine ni kudaiwa mara mbili. Facebook kwa mpangilio wa kawaida anamhesabu aliyebonyeza tangazo ndani ya siku 7 na hata aliyeliona tu ndani ya siku 1. Mzazi ameona video Jumamosi akapita, Jumapili akatafuta mwenyewe, akabonyeza tangazo la Google. Wote wawili wanamwandika wao. Kwa hiyo ile 300 na ile 1,000 zote ni bei za kwenye makaratasi ya muuzaji. Bei unayoweza kuapia ni moja: 1,500,000 gawa kwa 2,900, kama 517 kwa kila aliyefungua, na humo wamo waliokuja bure.

Kuhusu kuzima: zima Google wiki mbili, acha kila kitu kingine kama kilivyo, tazama jumla ya `first_open` na jumla ya wanunuzi. Kama wanunuzi hawapungui, Jahazi ameshinda na umeokoa fedha. Wakipungua karibu na idadi aliyokuwa anadai Google, tangazo lilikuwa linafanya kazi kweli.

MwalimuPongwe

Wiki mbili zijazo shule zinafungwa. Likizo ya mwezi wa sita. Watoto watakuwa nyumbani na simu, wengine watapelekwa kwa bibi Lushoto na Korogwe. Jumla yenu itayumba yenyewe.

BiChumbageni

Hapo Mwalimu amenifunga. Basi si sasa. Mwezi wa saba shule zikishatulia.

Jahazi_la_Sahare

Mwezi wa saba ni kuchelewa, umebaki mwezi na nusu kabla ya mtihani. Akizima wiki mbili hapo anapoteza msimu. Bora azime sasa hivi apate jibu lenye makosa kuliko asubiri jibu safi lisilo na kazi.

BiChumbageni

Sikubaliani. Jibu la likizo linaweza kukwambia kinyume cha ukweli. Wanunuzi wakipanda kwa sababu watoto wako nyumbani, utasema Google hakuwa na faida, utaifunga, mwezi wa saba ndiyo utajua. Kama ni lazima, apunguze bajeti kwa nusu asizime, na wiki hizo azihesabu kuwa za kuokoa fedha, asizifanye za kupimia.

FundiMakorora

Nitaongea na mwenzangu kuhusu kupunguza. Facebook nimeshaisimamisha mpaka video mpya iwe tayari. Mwalimu, naomba nikuulize: shuleni kwenu kuna kundi la WhatsApp la wazazi?

MwalimuPongwe

Lipo, wazazi kama 90. Mwalimu mkuu hapendi matangazo mle. Akiona ni mazoezi ya bure nadhani atakubali, nitamuuliza kwanza.

BiChumbageni

Akikubali usiweke kiungo kitupu, maana wakipakua wataonekana wamekuja wenyewe na hutajua walitoka kundini. Weka chenye alama, hivi:

```
https://play.google.com/store/apps/details?id=JINA_LA_APU&referrer=utm_source%3Dwhatsapp%26utm_campaign%3Dwazazi_pongwe
```

Hapo kwenye JINA_LA_APU weka kitambulisho cha apu yako kama kilivyo Play. Zile %3D na %26 usizibadilishe kuwa = na &, la sivyo alama itakatika njiani na jina la kampeni halitafika. Kijaribu kwanza kwenye simu ambayo haijawahi kuwa na apu hiyo.

FundiMakorora

Nimekijaribu kwenye simu ya mama. Kimeingia na alama yake. Mwalimu nasubiri neno lako.

NyumbaYaKaole

Na mimi hicho kiungo naweza kukiweka kwenye kadi ya chumba?

BiChumbageni

Unaweza, kigeuze kuwa msimbo wa kuskani, mgeni hatauandika kwa mkono. Ila atakayeskani kadi ya chumba ni mtu ambaye ameshalala kwako. Weka kingine, chenye jina tofauti la kampeni, kwenye kadi za madereva wanaowaleta wageni kutoka Dar.